Usaili wa Saa 3:00

Nyumbani walimwita Cherehani. Jina lilimganda tangu darasa la tatu kwa sababu ya mguu wake wa kulia, ambao kila akiketi ulianza kupiga chini kama wa mtu anayeshona suruali ya haraka, mpaka vikombe mezani vinatetema na mama yake anauliza hiyo nguo itakwisha lini. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja, fundi wa pampu na boila mwenye cheti na uzoefu, na mguu ule ulikuwa bado haujastaafu.

Kiwanda cha sabuni alichokitumikia miaka kumi na mitatu kilifungwa. Mkewe, ambaye ni mwalimu, alibaki na watoto kule walikokuwa wakiishi, na yeye akaja mjini kwa dada yake kutafuta kazi nyingine. Katika miezi saba aliitwa kwenye usaili mara tatu, na mara zote tatu aliagwa kwa neno moja: tutakupigia. Simu yake aliichaji kila siku, akaiweka karibu na sikio kama mtu anayemuuguza mgonjwa, lakini hakuna aliyepiga.

Dada yake alikuwa mtu wa mapokezi katika ofisi ya mawakili, mwaka wa kumi na moja huo. Kwa siri, bila kumwambia mdogo wake, alimuuliza mwenzake aliyekaa mapokezi kule alikokwenda Cherehani mara ya tatu. Jibu alilopewa alirudi nalo nyumbani, akalitoa baada ya chakula, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Ni kwamba alipofika hakusalimia. Aliuliza tu kama bosi yupo. Kisha kwa dakika ishirini alitembea kutoka ukuta huu hadi ule huku akichezesha funguo mfukoni, akatoka nje mara mbili kuongea na simu kwa sauti ya mnadani. Alipoingia ndani, alimpa meneja mkono akamkamua mpaka yule mzee akaushusha wake chini ya meza na kuusugua.

"Walisema kazi unaijua," dada alimalizia. "Ila walisema unaonekana mtu wa shari."

Hilo lilimuuma. Shari? Yeye ambaye hata paka wa jirani hajawahi kumtupia jiwe? Siku mbili hakusema na dada yake ila kwa salamu. Siku ya tatu ukaingia ujumbe kutoka hospitali moja kubwa, uliosema kwamba ombi lake la nafasi ya msimamizi wa mafundi limekubaliwa kwa hatua ya usaili: Jumatano, saa 3:00, afike dakika kumi na tano kabla, aje na vyeti halisi na nakala. Aliusoma mara sita. Halafu akaenda jikoni, akasimama mlangoni, akamwambia dada yake: haya, nifundishe.

Dada alimfundisha. Siku tano nzima sebule iligeuka ofisi. Alimkataza viatu vipya alivyotaka kuazima, kwa sababu kiatu kigeni humfanya mtu atembee kama amekanyaga kaa la moto. Akamwambia apige rangi vile vyake vya zamani na kubadilisha kamba. Shati liwe jeupe au la samawati, suruali nyeusi, mkanda urandane na viatu, manukato kidogo tu, yasitangulie kuingia. Vyeti akampangia kwenye faili kwa mpangilio, cha karibuni juu, ili asije akapekua mbele za watu kama anayetafuta risiti. Funguo zibaki nyumbani. Simu izimwe kabla ya mlango. Jumatatu alimtuma aende mpaka hospitali na kurudi, muda ule ule wa asubuhi, aone njia inachukua dakika ngapi na lango la wageni ni lipi. Zilikuwa dakika hamsini, na lango lilikuwa la nyuma.

Kuhusu mapokezi alikuwa mkali kuliko yote. Alisema watu wanadhani usaili unaanza wanapoketi mbele ya meneja, kumbe umeanza kwa mlinzi getini. Yeye mwenyewe, kwa miaka kumi na moja, ameulizwa mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu: yule wa saa nne ulimwonaje? Hivyo asalimie kwanza, ataje jina lake kamili, aseme amekuja kwa nini na ameitwa na ofisi gani, ashukuru, aketi pale anapoonyeshwa.

Somo la mkono lilichukua jioni mbili. Mara ya kwanza dada alipiga yowe.

"Unanisalimia au unafunga bomba?"

Akamwonyesha: mkono ukiwa mkavu, kiganja kikutane na kiganja, ubane kiasi cha kushika yai bila kulivunja na bila kuliangusha, utikise mara mbili, umtazame mtu usoni, uachie. Na usitangulize mkono wewe. Ngoja wao watoe, kwa sababu wapo wasiotoa, na kila mmoja ana sababu yake. Kisha akamketisha kwenye kiti cha mbao, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, nyayo zote mbili chini. Mguu ulitulia kwa dakika moja na nusu. Halafu tiki-tiki-tiki. Dada akamwambia abane visigino sakafuni kama anayekandamiza kifuniko cha ndoo. Ikafika dakika nne. Ikafika sita. Jumanne usiku alilala ameubana mguu kwa mguu mwenzake.

Jumatano alitoka alfajiri. Usingizi wenyewe ulikuwa wa kuazima. Alifika mtaa wa hospitali saa moja na nusu, mapema mno, na dada alikuwa amemwonya kwamba kuwahi kupita kiasi ni kuwaelemea wenyeji, maana watajiona wanadaiwa kukuhudumia. Basi akazunguka. Alizunguka jengo la hospitali mara nne, kwa upande wa kivulini ili asitoe jasho. Alisoma mabango yote, ya dawa ya meno na ya shule ya udereva. Alijitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa, akakuta kuna mtu ndani anamtazama, akaondoka. Saa mbili na dakika arobaini na tatu alizima simu, akafuta viganja kwa leso, akamsalimia mlinzi, akaandika jina kitabuni, akaingia.

Nyuma ya meza ya mapokezi aliketi mama mmoja wa makamo, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Cherehani alimwamkia, akataja jina lake kamili na sababu ya kuja, na alipomaliza akajisikia kama mtoto aliyekariri shairi bila kukwama. Mama aliitikia vizuri. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha. Kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama chini kabisa.

"Jina lako lipo, ndugu yangu," alisema. "Lakini wewe ni wa saa tisa alasiri."

Alidhani hakusikia. Akatoa simu, akaiwasha, akamwonyesha ujumbe: saa 3:00. Mama aliusoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyekwisha kuona mengi. Ofisi ya utumishi huandika kama saa ya kompyuta, alimweleza; hiyo tatu yao ni ya mchana, yaani saa tisa yetu. Wa asubuhi wameandikiwa tisa. Ameshawaambia waandike "asubuhi" au "alasiri", na bado wanaandika tarakimu.

Saa sita nzima za kungoja! Kwa mtu mwingine ingekuwa usumbufu. Kwa Cherehani ilikuwa hukumu ya kifungo. Damu ilimpanda mpaka masikioni, na maneno yakajipanga mdomoni, tena maneno ya haki kabisa: nyinyi ndio mmeandika vibaya, mnadhani watu hawana shughuli? Mkono wake wa kulia uliingia mfukoni kutafuta funguo za kuchezea, ukakuta mfuko mtupu. Wakati huohuo bwana mmoja aliyesimama nyuma yake, mwenye suti na viatu vya kung'aa, alisogea mbele na simu yake mkononi. Naye alikuwa wa 3:00. Naye alikuwa ameambiwa. Tofauti ni kwamba yeye aliyasema yale yote ambayo Cherehani alikuwa ameyapanga, neno kwa neno, na akagonga meza kwa kidole. Mama wa mapokezi alimsikiliza hadi mwisho bila kubadilika uso, akamwambia pole, akamwambia arudi saa nane na dakika arobaini na tano. Bwana akatoka akisonya.

Cherehani alisikiliza maneno yake mwenyewe yakitoka katika kinywa cha mtu mwingine, na hakuyapenda. Akauliza, kwa sauti aliyoilazimisha kushuka, kama kuna sehemu karibu ambapo mtu anaweza kungoja. Mama akamtazama kidogo, akamwambia ukumbi huu ni wa wagonjwa na kufika saa nne hapatakuwa na pa kukanyaga. Lakini mtaa wa nyuma upo kimya, una viti vya zege chini ya ukuta, na kivuli kinakaa mpaka mchana. Akamshukuru. Hata alipofika mlangoni aligeuka akamwambia kazi njema, jambo ambalo hakuwa amefundishwa.

Nje alimpigia dada yake. Akamweleza habari ya saa tisa.

"Na mimi niliusoma ule ujumbe," dada alisema. "Mimi, mwenye kujifanya bingwa. Nisamehe, mdogo wangu."

Alitaka kumkasirikia, akashindwa. Aliambiwa asirudi nyumbani, kwa kuwa kurudi na kwenda tena ni jasho na vumbi. Ale kitu kikavu kisichodondoka, asivue viatu, asikunje mikono ya shati, na zaidi ya yote asiguse kitu chochote kichafu. Aliahidi.

Kwa saa moja na dakika kumi ahadi hiyo haikujaribiwa. Alikaa kwenye kiti cha zege, akasimama, akakaa. Alihesabu madirisha ya hospitali, yakawa sitini na nne, akahesabu tena yakawa sitini na sita, ikabidi arudie. Alijiuliza yale maswali ya usaili na kujijibu, na mpita njia mmoja akavuka kwenda upande wa pili wa barabara. Mguu ulipiga zege mpaka kisigino kikauma. Alianza kutembea, mtaa hadi mtaa, faili kwapani, na ndipo alipoisikia.

Ilikuwa pampu. Ilikuwa inalia mahali fulani nyuma ya ukuta wa matofali, sauti tupu, kavu, ya kukereza, kama mtu anayetafuna changarawe. Mtu yeyote angesema ni pampu inafanya kazi. Cherehani alijua ni pampu inayojiua. Imemeza hewa, inazunguka bila maji, na ikiachwa hivyo maji hayatakuja, na sili zake, zile pete za kuzuia maji yasivuje, zitaungua.

Alifuata sauti hadi kwa dobi. Palikuwa na chumba kirefu, mashuka yamejaa kwenye kamba, pasi mbili mezani, na uani mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani amesimama mbele ya pampu, mikono kiunoni, akiitazama kama anayemtazama mume aliyelewa. Alikuwa ndiye dobi mwenyewe. Cherehani alimsalimia, akamwambia samahani mama, hiyo pampu haivuti, izime. Mwanamke alimwangalia kuanzia viatu hadi kola.

"Wewe ni fundi au ni mwinjilisti?"

Fundi, alijibu, na tayari miguu yake ilikuwa imesogea hatua mbili na vidole vyake vinafungua kifungo cha mkono wa shati. Mara akaliona shati. Jeupe, limenyooka, dada yake amelipiga pasi kwa nusu saa. Chini ya pampu palikuwa na dimbwi la maji meusi ya grisi. Alisimama. Hakuna jambo lililokuwa gumu kwake maishani kama kusimama mahali pale. Maana mikono yake ilikuwa inajua kila nati ya ile mashine, ilikuwa inawasha, na alikuwa hajawahi, katika miaka yote ile kiwandani, kumwachia mtu kazi ambayo angeweza kuifanya mwenyewe. Wasaidizi wake walikuwa wakishika tochi tu.

Alipiga hatua mbili nyuma, akaishika mikono yake mgongoni, mmoja ukiukamata mwingine kama askari na mwizi.

"Mimi siwezi kuigusa, nina usaili," alisema. "Lakini nitakwambia, na wewe utafanya."

Alianza vibaya. Alimwambia maneno matano kwa mara moja, na mwanamke akashika pasipo penyewe. Akavuta pumzi, akaanza upya, jambo moja moja. Zima kwenye swichi ya ukutani, siyo kwenye pampu. Kausha mikono. Sasa juu ya pampu unaona kifuniko chenye kichwa kama cha boliti? Hicho, kifungue kwa spana, kinyume cha mshale wa saa. Unaona nini ndani? Hakuna kitu, mwanamke alisema, pakavu. Haya, mimina maji humo, polepole, na usiache hadi mapovu yaishe na maji yasimame mdomoni. Mwanamke alimimina jagi la kwanza na la pili, na mapovu yakapanda yakipasuka. Kwenye jagi la tatu maji yalisimama kidogo, kisha yakazama tena mbele ya macho yao.

Hapo ndipo Cherehani alipojikuta anauliza badala ya kuamrisha. Maji yanakwenda wapi, unadhani? Dobi alifikiri. Akasema labda yanarudi chini kisimani. Ndivyo. Kule chini mwisho wa bomba pana valvu ya kuyazuia, na kuna kitu kimeishikilia isifunge. Walilivuta bomba, yaani dobi alilivuta na Cherehani alilivuta kwa macho, na kwenye mdomo wake wakakuta kipande cha kitambaa cha foronya kimenasa. Kikatolewa, bomba likarudishwa, maji yakamiminwa tena, safari hii yakasimama mdomoni na kubaki. Kifuniko kikafungwa. Swichi ikawashwa. Pampu ilikohoa mara moja, sauti ikashuka, ikawa nzito na ya kuridhika, na kwenye tangi la juu maji yakasikika yakianguka.

Dobi alicheka kwa nguvu. Alisema fundi wake wa siku zote humfukuza uani na kumwambia hii si kazi ya wanawake, kisha anaondoka na baada ya wiki inakufa tena; leo kwa mara ya kwanza anajua kilichomo ndani ya ile takataka. Alimkaribisha ndani, akamkagua kama mama wa bwana harusi, akasema shati limekunjamana kwapani na mgongoni, huendi kwa watu hivyo. Cherehani akavua, akakaa na fulana yake kwenye kiti cha plastiki katikati ya mashuka, na bingwa wa pasi akalinyoosha upya, kola kwanza, kisha mabega, mikono, na kifua mwisho. Akalitundika, akamwambia usilivae mpaka dakika za mwisho. Kusema ukweli, saa tano, sita, saba, zilikuwa ndefu; Cherehani aliwahesabu wateja, aliuliza saa kila mara, alisimama kila pikipiki ilipopita. Lakini alikuwa ndani, kivulini, na shati lilikuwa kwenye kamba.

Saa nane na dakika arobaini na tatu alikuwa tena mbele ya mama wa mapokezi. Alimsalimia, akamwambia amerudi. Mama akaweka alama kwenye orodha, akamwelekeza ghorofa ya kwanza, kiti cha kungojea nje ya mlango wa tatu. Bwana wa suti alikuwa ameshafika. Alikuwa amevua koti, shati limelowa mgongoni, anajipepea kwa bahasha yake. Aliitwa wa kwanza. Wakati yuko ndani, kijana wa kike kutoka ofisi ya utumishi alishuka ngazi, akainama kwenye meza ya mapokezi, akaongea na yule mama kwa kitambo. Cherehani aliwaona kupitia uwazi wa ngazi. Alichosema mama, kama alisema kitu, hakukijua siku ile wala baadaye. Alibana visigino sakafuni, akafuta viganja kwa leso, akakunja leso, akafuta tena.

Alipoitwa, aligonga, akangoja, akaingia. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza pana. Mwenyekiti, mwanamume mrefu mwenye mvi, alisimama akanyoosha mkono; Cherehani alilishika yai, akatikisa mara mbili, akaachia. Mhandisi wa hospitali aliyekuwa pembeni naye akatoa wake. Wa tatu alikuwa matroni, na Cherehani, kwa kasi ya mchezo uliokwisha kumnogea, alikuwa ameshaanza kuupeleka mkono alipoona matroni ameweka kiganja chake kifuani na kuinamisha kichwa. Mkono ulibaki hewani kwa nukta moja ndefu. Kisha akaurudisha, akauweka kifuani mwake, naye akainamisha kichwa. Matroni akatabasamu. Akaonyeshwa kiti, akaketi.

Maswali ya kazi aliyajibu. Shinikizo la boila, ratiba ya ukaguzi, umeme ukikatika chumba cha upasuaji kinalindwaje. Aligawa macho yake kwa wote watatu kama alivyoelekezwa, hata pale ambapo aliyeuliza alikuwa mmoja. Kisha mhandisi akafungua maelezo ya kazi ya Cherehani, akakuna kidevu.

"Nasoma hapa: nilifunga, nilitengeneza, nilirekebisha. Kila kitu ulifanya wewe. Sisi hatutafuti fundi, mafundi tunao sita. Tunatafuta wa kuwasimamia. Utawaachia kazi?"

Swali liliingia penyewe. Mguu wa kulia ulisahau visigino na mafunzo yote ya siku tano, ukaanza, tiki-tiki-tiki, na maji katika glasi ya mwenyekiti yakaanza kuchora miduara. Wote watatu waliitazama glasi. Cherehani alihisi joto la aibu likimpanda shingoni. Angeweza kujifanya hakuna kitu. Badala yake aliweka mkono gotini, taratibu.

"Mniwie radhi," alisema. "Mguu huu ninao tangu utotoni, nikifikiri sana unatangulia. Swali lako ni la haki. Mpaka leo asubuhi ningekujibu uongo."

Akawaeleza. Hakupamba. Aliwaambia alivyokuja mapema kwa saa sita, bila kumlaumu aliyeandika ujumbe, alivyoisikia pampu ya dobi, na kwamba kilichomzuia kuigusa haikuwa hekima bali shati. Aliwaeleza alivyoanza kwa kumchanganya yule mama kwa maneno mengi, na jinsi alivyoanza kuuliza anachokiona ndipo kazi ikaenda. Alisema kwamba kiwandani alikuwa na wasaidizi wawili kwa miaka tisa, na leo akiwa amekaa na fulana chini ya mashuka alijiuliza kama hata mmoja wao angeweza kuijaza pampu maji bila yeye. Hakuwa na hakika. Na hilo, alisema, lilimkera kuliko kungoja.

Mhandisi alicheka mpaka akavua miwani. Matroni aliuliza yule dobi yuko mtaa gani. Mwenyekiti hakucheka, aliandika kitu, kirefu kidogo, akauliza kama yeye ana swali. Cherehani aliuliza mafundi sita hao wana miaka mingapi kazini na nani kati yao anajua kufundisha. Walimjibu. Aliposimama kuondoka aliwashukuru, akarudisha kiti mahali pake, akaagana na kila mmoja kwa namna yake, akafunga mlango bila kuubamiza. Chini alimuaga mama wa mapokezi. Kisha, alipopita lango na kuona hakuna anayemtazama, alitembea mbio mbio mitaa mitatu, kwa kuwa mwili ulikuwa umekaza kama springi iliyokandamizwa.

Kungoja majibu kulikuwa kubaya zaidi. Siku ya nne aliamini amekosa, kwamba mguu ndio umemponza. Siku ya sita alitaka kupiga simu kuuliza, dada akamnyang'anya simu akaitia kabatini na vyombo. Siku ya tisa ililia humo humo kabatini, kati ya sahani, na wote wawili waligongana mlangoni kuikimbilia. Ilikuwa ofisi ya utumishi. Kijana wa kike alimpongeza, akamweleza kwamba amepata nafasi kwa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, na aripoti Jumatatu. Cherehani akamshukuru, akatulia, akauliza:

"Jumatatu saa ngapi? Nitajie kwa maneno, tafadhali. Asubuhi au jioni?"

Yule kijana alicheka, akasema saa moja na nusu, asubuhi, jua likiwa limechomoza.

Alimpigia mkewe kabla hata hajakaa. Nyuma ya mkewe alisikia sauti za darasa, watoto wakisoma kitu kwa pamoja. Mkewe alisema anashukuru Mungu. Akauliza nyumba za huko zina vyumba vingapi. Akauliza kama shule ya karibu ina uzio, maana mdogo anapenda kukimbilia barabarani. Cherehani akasema hajui, ila kesho asubuhi atakwenda kuitazama.